Ujira wa wiki kutoka picha ya mahudhurio: kikokotoo, Excel au programu ya kusoma picha?

Katika karakana na maeneo mengi ya ujenzi, karatasi ya mahudhurio hukaa getini. Mfanyakazi akiingia anaandikiwa saa, akitoka anaandikiwa saa, na mwisho wa wiki karatasi inapigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp kwa mtu anayekokotoa malipo. Mtu huyo ana njia tatu za kufika kwenye kiasi cha kulipa: asome picha na kupiga hesabu kwa kikokotoo, asome picha na kuandika saa kwenye Excel, au aiachie programu isome maandishi ya kwenye picha halafu yeye amalizie hesabu.

Ukizilinganisha njia hizi kwa karatasi safi, zote zitatoa jibu moja na utachagua ile ya haraka. Mimi nimezilinganisha kwa karatasi yenye kasoro za kila siku: mkono wa watu wawili, saa za Kiswahili na za Kizungu zikiwa zimechanganyika, na siku mbili zilizovuka jioni. Wiki yenyewe nimeiandaa kama mfano, ila kila kasoro iliyomo ni ya kawaida.

Kanuni kabla ya hesabu

Natumia sheria ya Tanzania Bara, yaani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kwa mfanyakazi wa kawaida, muda wa kazi usio wa ziada hauzidi masaa 9 kwa siku wala masaa 45 kwa wiki. Kinachozidi hapo ni muda wa ziada, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa msingi. Jumla ya siku nzima, pamoja na muda wa ziada, haitakiwi kupita masaa 12. Anayefanya kazi mfululizo zaidi ya masaa 5 anastahili mapumziko ya angalau dakika 60, na mapumziko hayo hayalipwi isipokuwa kama ametakiwa kufanya kazi au kukaa tayari kwa kazi. Siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu zina kanuni yake, ambayo ni malipo mara mbili. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi inaongezewa asilimia 5.

Mfanyakazi wetu ni fundi seremala anayelipwa shilingi 135,000 kwa wiki ya masaa 45. Gawanya, unapata shilingi 3,000 kwa saa. Saa ya ziada ni 4,500. Kama mkataba wako unataja mshahara wa mwezi, jedwali la sheria hiyo linakutaka ugawanye kwanza kwa 4.333 ili upate wiki, kisha ugawanye kwa masaa ya wiki. Kugawanya kwa 4, kama wengi wanavyofanya, kunaifanya saa moja ionekane ghali kuliko ilivyo.

Walioko Kenya wasichukue namba hizi kama zilivyo. Huko amri ya jumla ya mishahara inaweka wiki ya kawaida kuwa masaa 52, na baadhi ya sekta zina amri zake. Namna ya kusoma karatasi haibadiliki.

Karatasi yenyewe

Hivi ndivyo picha inavyosomeka, na pembeni ni saa halisi baada ya kuichunguza. Kila siku ina saa moja ya chakula, isipokuwa Jumamosi.

| Siku | Kuingia | Kutoka | Saa halisi | Muda wa kazi |
|---|---|---|---|---|
| Jumatatu | 1:30 | 11:30 | 07:30–17:30 | 9.0 |
| Jumanne | 1:45 | 1:15 | 07:45–19:15 | 10.5 |
| Jumatano | 1:30 | 10:00 | 07:30–16:00 | 7.5 |
| Alhamisi | 1:30 | 5:30 | 07:30–17:30 | 9.0 |
| Ijumaa | 1:30 | 2:30 | 07:30–20:30 | 12.0 |
| Jumamosi | 2:00 | 7:00 | 08:00–13:00 | 5.0 |

Jumla ni masaa 53. Mistari inayotuhusu zaidi ni miwili.

Alhamisi mlinzi wa asubuhi aliandika 1:30 kwa saa za Kiswahili. Jioni msimamizi akasaini mwenyewe na kuandika 5:30 kwa saa za Kizungu. Anayeisoma bila kufikiri anaona masaa 4, akitoa chakula yanabaki 3. Ukweli ni masaa 10, ukitoa chakula 9. Angalia tofauti: ni masaa 6 kamili, na ndivyo itakavyokuwa kila mara mtu mmoja akiandika kwa mtindo mmoja na mwenzake kwa mtindo mwingine. Kwa hiyo siku yoyote inayopungua au kuzidi kwa kama masaa 6 ukilinganisha na jirani zake, usiilipe kabla hujauliza. Lakini kama kuingia na kutoka vyote vimeandikwa kwa Kizungu, yaani 7:30 hadi 5:30, urefu wa muda hauharibiki hata ukidhani ni Kiswahili, kwani zote mbili zimesogea sawasawa. Kinachoharibika hapo ni nyongeza ya usiku: utadhani mtu alitoka saa tano na nusu usiku.

Jumamosi kuna tatizo la mwandiko. Je, ile ni 7:00 au 1:00? Wengi huandika 7 bila kijistari katikati na 1 yenye mkia juu, na kwenye picha yenye kivuli hazitofautiani. Bahati mbaya 1 na 7 nazo zinatofautiana kwa 6, hivyo kosa hili linajificha ndani ya lile la kwanza. Saa 7 kamili inampa masaa 5. Ukiisoma 1:00 na kudhani ni saa 1 usiku, unampa masaa 11. Nenda ukaangalie 7 na 1 nyingine alizoandika mtu yuleyule kwenye karatasi ileile. Hapa asubuhi tano mfululizo zina 1 ya mlinzi, kwa hiyo una vielelezo vya kutosha vya kulinganisha.

Kugawa masaa 53

Hapa ndipo njia zote tatu huweza kukosea pamoja, kwa hiyo nalitaja kabla ya kuzitenganisha. Kuna vipimo viwili vya muda wa ziada, cha siku na cha wiki, na dakika moja haihesabiwi mara mbili.

Kwa siku: Jumanne imezidi kwa 1.5 na Ijumaa kwa 3, jumla 4.5. Kwa wiki: 53 toa 45 ni 8. Muda wa ziada ni ile kubwa kati ya hizo mbili, yaani 8. Ukiujaribu uamuzi huu kwa njia ndefu unapata jibu hilohilo: kata kila siku kwenye masaa 9, yanabaki 48.5, yaliyopita 45 ni 3.5, jumlisha na 4.5 ya siku, unapata 8.

Malipo basi ni 45 × 3,000 = 135,000, na 8 × 4,500 = 36,000. Jumla 171,000. Ongeza nusu saa ya usiku ya Ijumaa, kuanzia saa 2:00 hadi 2:30. Kwa kuwa nusu saa hiyo ni ya ziada, asilimia 5 inapigwa kwenye 4,500: shilingi 112.50. Ujira wote ni shilingi 171,112.50 kabla ya makato.

Sasa tuseme Jumamosi hakuja. Jumla inakuwa 48. Mwenye kutazama wiki peke yake atasema muda wa ziada ni masaa 3, na kulipa 148,500. Lakini kwa siku alizidi 4.5, nayo ndiyo kubwa. Malipo sahihi ni masaa 43.5 ya kawaida, shilingi 130,500, na 4.5 ya ziada, shilingi 20,250, jumla 150,750. Fundi angepoteza 2,250 kwa sababu tu Jumatano aliondoka mapema. Kosa hili halionekani kwa macho, kwani 45 na 3 ni namba zinazopendeza.

Kikokotoo

Faida yake ni kwamba huwezi kuandika saa bila kuitazama. Mtu aliyeshika kalamu na simu hujikuta anajiuliza "huyu Alhamisi alifanya masaa matatu tu?" kwa sababu analazimika kutoa yeye mwenyewe. Kwa mfanyakazi mmoja, au kwa fundi anayetaka kuhakiki alicholipwa, sioni sababu ya kwenda mbali zaidi.

Udhaifu wake ni dakika. Kikokotoo hakijui kwamba saa moja ina dakika 60. Ukiandika 19.15 toa 7.45 kinakupa 11.70, wakati jibu ni masaa 11 na dakika 30, yaani 11.5. Jumatano 10.00 toa 1.30 kinatoa 8.70 badala ya 8.5. Wiki hii ungeishia na 53.4 badala ya 53, na kulipa 1,800 zaidi. Wiki nyingine utapunja: mtu aliyefanya masaa 9 na dakika 30, ukamwandikia 9.30, umemnyima dakika 12. Makosa haya yanavutana huku na huku na jumla inabaki kuonekana ya kawaida, hivyo hutalijua kosa kwa kutazama jumla.

Dawa ni kutotoa saa moja kwa moja. Hesabu kwa vipande: kutoka 1:45 hadi 12:00 ni masaa 10 na dakika 15, kutoka 12:00 hadi 1:15 usiku ni saa 1 na dakika 15, pamoja ni 11 na dakika 30. Kisha dakika zigawe kwa 60 kabla ya kuzidisha na shilingi. Saa za Kiswahili zinakusaidia hapa, kwa sababu siku ya kazi ya mchana haivuki 12. Ni 10 toa 1 na nusu, basi, wakati mwenye saa za Kizungu anapaswa kuruka mchana kila siku.

Excel

Wakifika watu wanne au watano, kikokotoo kinachosha, na mtu aliyechoka huanza kubahatisha. Excel au Google Sheets inaondoa kosa la dakika kabisa, na kanuni ya "kubwa kati ya mbili" unaiandika mara moja tu. Weka siku kwenye A, kuingia B, kutoka C, dakika za mapumziko D, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 7:

```
E2:  =ROUND(MOD(C2-B2,1)*24-D2/60,2)
F2:  =MAX(0,E2-9)
E9:  =SUM(E2:E7)
E10: =MAX(SUM(F2:F7),E9-45)
E11: =E9-E10
E12: =E11*3000+E10*4500
```

E2 na F2 zivute hadi mstari wa 7. E9 itatoa 53, E10 itatoa 8, E11 itatoa 45 na E12 itatoa 171000. Nyongeza ya usiku naiongeza kwa mkono, kwa kuwa kwenye karakana hutokea mara chache. Kwa walinzi wa zamu ya usiku itabidi uitengenezee safu yake.

Seli za E zipe muundo wa Number. Zikibaki na muundo wa saa zitakuonyesha kitu kisichoeleweka. Hili huwapata zaidi wanaojumlisha saa bila kuzidisha kwa 24: masaa 53 yanaonekana kama 5:00, kwa kuwa seli yenye muundo wa saa inaanza upya kila baada ya masaa 24. Ukiona jumla ya wiki ni ndogo kuliko siku moja, sababu ndiyo hiyo. Pia andika nukta mbili, 7:30. Ukiandika 7.30 Excel inachukulia ni namba ya kawaida, na jibu litakuwa upuuzi.

Kuna mtego mmoja ambao watu wenye ujuzi hujitegea. Mtu anachoka kubadilisha 1:30 kuwa 07:30, anagundua kwamba mzunguko wa saa za Kiswahili ni masaa 12, na kuandika hivi:

```
=MOD(C2-B2,0.5)*24
```

Inafanya kazi vizuri. Jumanne 1:45 hadi 1:15 inatoa 11.5 bila kubadilisha chochote. Lakini Ijumaa, 1:30 hadi 2:30, inatoa saa 1, kwa kuwa fundi alikaa kazini masaa 13 na fomula haina namna ya kujua kwamba mshale ulishamaliza mzunguko mmoja na kuanza wa pili. Ukitoa chakula, siku ndefu kuliko zote inalipwa sifuri. Kwa sababu hiyo nashauri saa ziandikwe kwa mfumo wa masaa 24, hata kama ni kazi zaidi. Ule muda wa kubadilisha 5:30 kuwa 17:30 au 23:30 ndio muda unaolazimika kuamua fundi alitoka lini.

Hapo ndipo ubora wa Excel unapoishia. Ukiandika Alhamisi 07:30 hadi 11:30, kwa kudhani 5:30 ni saa tano na nusu asubuhi, itakubali bila kulalamika na kutoa 147,750. Fundi amepoteza 23,250. Weka safu moja ya ziada inayokupigia kelele siku ikiwa chini ya masaa 4 au juu ya 12:

```
G2: =IF(OR(E2<4,E2>12),"ULIZA","")
```

Alhamisi iliyokosewa itawaka. Jumamosi ya masaa 11 haitawaka, kwa hiyo safu hii haikuondolei kazi ya kutazama picha.

Programu ya kusoma picha

Simu nyingi sasa zinaweza kuchukua maandishi kutoka kwenye picha, na zipo programu zinazogeuza picha ya jedwali kuwa faili la Excel. Kwa fomu iliyochapwa na namba za mashine zinafanya kazi nzuri. Kwa kalamu ya wino kwenye karatasi iliyokunjwa mfukoni, ni habari nyingine.

Makosa yake yana tabia yake. Nukta mbili hupotea, 1:30 ikawa 130. Namba 1 hugeuka kuwa herufi l au kuwa 7. Mlinzi akikata 10:00 na kuandika 11:00 juu yake, programu inaweza kuleta zote mbili au kuleta ile iliyokatwa. Karatasi isiyo na mistari iliyochapwa inaweza kusomwa kwa kushuka, kuingia za wiki nzima kwanza na kutoka baadaye, na seli moja iliyoachwa wazi inasogeza zote zinazofuata. Hilo la mwisho ndilo ninaloliogopa zaidi, kwani Jumatano inapewa saa za Alhamisi na kila namba peke yake inaonekana halali. Hesabu idadi ya saa zilizotoka: siku 6 zinapaswa kuleta saa 12. Zikitoka 11, usijaribu kuziba pengo. Anza upya kwa macho.

Hata ikisoma kila namba kwa usahihi, imekupa "1:30" na "5:30" tu. Haikumjua mlinzi wala msimamizi. Kwa hiyo bado unakaa na picha pembeni ukikagua mstari kwa mstari, na kukagua namba kumi na mbili za mtu mwingine kunachukua karibu muda uleule wa kuziandika mwenyewe. Tofauti ni kwamba anayekagua huwa mlegevu: namba ikishachapwa vizuri kwenye skrini, jicho linaiamini.

Ukiamua kuitumia, picha ndiyo yenye uamuzi. Ipigwe kutoka juu moja kwa moja, kivulini mchana, bila mwanga wa simu, pembe zote nne za karatasi zionekane. Iombe itumwe kama faili la dokumenti, kwa kuwa WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha za kawaida, na kinachopotea kwanza ni zile nukta mbili.

Ningechagua ipi

Kwa mtu mmoja, kikokotoo kwa njia ya vipande. Kuanzia watu wachache hadi kama ishirini, Excel, mtu akisoma picha na kuandika saa kwa mfumo wa 24. Programu ya picha ningeifikiria pale tu karatasi ni nyingi, fomu imechapwa na kila tarakimu ina kisanduku chake, na kuna mtu wa pili wa kukagua. Kwa wiki yetu isingeniokolea hata dakika moja.

Ukiwa na nafasi ya kubadilisha karatasi yenyewe, badilisha hiyo kabla ya kubadilisha programu. Chapa fomu yenye maneno "Asubuhi / Mchana / Jioni / Usiku" ya kuzungushia duara pembeni ya kila saa, na mahali pa mfanyakazi kusaini kila anapotoka. Alhamisi ingekuwa "5:30 jioni", na karani angejua papo hapo kwamba hakuna saa tano na nusu jioni kwa Kiswahili.

Na kabla ya kulipa, mtumie fundi masaa yake siku kwa siku, sio jumla peke yake. Akiona "Alhamisi 3" atapiga simu siku hiyohiyo. Akiona "147,750" anaweza kudhani ni makato, akanyamaza.